Kutoka Kc hadi Kp, na jinsi ya kupata mchanganyiko wa gesi kwenye msawazo: mfano wa amonia

Swali la aina hii hutokea kwenye mitihani karibu kila mwaka. Unapewa Kc ya mmenyuko wa gesi, jotoridi na kanieneo la jumla, kisha unaulizwa ni asilimia ngapi ya mchanganyiko itakuwa zao mambo yakishatulia. Wanafunzi wengi huijua kanuni ya kugeuza Kc kuwa Kp kwa moyo, lakini jibu la mwisho huwa si sahihi. Mara nyingi kosa haliko kwenye kugeuza. Liko baadaye, pale mtu anaposahau kwamba kanieneo la jumla likishikiliwa palepale, idadi ya moli za gesi yote inabadilika kadiri mmenyuko unavyoendelea.

Nitatumia mmenyuko mmoja tu mwanzo hadi mwisho, ule wa kutengeneza amonia:

N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃

Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, moli za gesi zinapungua kutoka 4 hadi 2, kwa hiyo makosa yote ya kawaida yanajitokeza wazi. Pili, mchanganyiko wake ulipimwa maabara kwa uangalifu mkubwa miaka ya 1920, kwa hiyo tunaweza kulinganisha hesabu zetu na vipimo halisi na kuona zinapoanza kukosea.

Data tunazoanza nazo

Jotoridi ni 400 °C. Kwenye jotoridi hilo vitabu vingi hutoa Kc = 0.500, ukolezi ukiwa kwa moli kwa lita. Kanieneo la jumla ni 100 atm. Mwanzoni tuna moli 1 ya naitrojeni na moli 3 za haidrojeni, hakuna amonia.

Kabla ya kushika kalamu, angalia mlinganyo uliotumika kupata Kc hiyo. Baadhi ya vitabu huandika mmenyuko huu kwa nusu, yaani ½N₂ + 3⁄2 H₂ ⇌ NH₃. Hapo konstanti inakuwa kipeuo cha pili cha ile ya mlinganyo kamili. Ukikuta Kp ya amonia kwenye 400 °C imeandikwa 0.0128, wala si kosa la uchapaji. Ni kipeuo cha pili cha 0.000164 tutakayoipata hapa chini. Konstanti bila mlinganyo wake ni namba isiyo na maana, kwa hiyo viandike pamoja kila mara.

Hatua ya 1: Hesabu Δn

Δn ni moli za gesi upande wa mazao ukitoa moli za gesi upande wa viambato:

Δn = 2 − (1 + 3) = −2

Ni gesi tu zinazohesabiwa. Ukichoma mawe ya chokaa, CaCO₃ ⇌ CaO + CO₂, Δn ni 1, kwa sababu vile yabisi viwili havina nafasi kwenye hesabu hii.

Hatua ya 2: Geuza Kc kuwa Kp

Kanuni yenyewe inatokana na mlinganyo wa gesi, pV = nRT. Ukolezi ni n/V, kwa hiyo kanieneo la gesi moja ndani ya mchanganyiko ni ukolezi wake mara RT. Weka hilo kwenye kila sehemu ya Kc, nguvu za RT za juu na za chini zinakatana, na kinachobaki ni:

Kp = Kc × (RT)^Δn

Jotoridi lazima liwe kwa kelvini: 400 + 273 = 673 K. R nitaichukua 0.0821 lita·atm kwa moli kwa kelvini, kwa sababu ukolezi wetu uko kwa lita na kanieneo letu liko kwa atm.

RT = 0.0821 × 673 = 55.25

(RT)² = 3053

Kp = 0.500 ÷ 3053 = 1.64 × 10⁻⁴ atm⁻²

Simama hapa kidogo ujiulize kama jibu lina mantiki. Δn ni hasi, na RT kwa vipimo hivi ni kubwa kuliko 1, kwa hiyo Kp lazima iwe ndogo kuliko Kc. Ukipata 1,527 umezidisha badala ya kugawanya. Ukipata 4.6 × 10⁻⁴ umeweka 400 badala ya 673.

Kosa lenye kujificha zaidi ni la R. Tuseme umetumia 8.314 huku ukolezi ukiwa bado kwa moli kwa lita. Utapata karibu 1.6 × 10⁻⁸. Namba hiyo si uongo: ni Kp iliyo sahihi kabisa, ila kipimo chake ni kPa⁻², si atm⁻². Ukiitumia kwa kanieneo la 10,133 kPa, ambalo ndilo 100 atm, utafika salama. Tatizo linakuja pale unapoichukua 1.6 × 10⁻⁸ na kuweka 100 kwenye nafasi ya kanieneo. Hesabu itakwenda vizuri bila kulalamika na kukuambia kwamba amonia ni asilimia 0.4 tu. Kwa hiyo kila ukiandika Kp, andika na kipimo chake pembeni, hata kama mwalimu hajakidai. Kwa bar, Kp hii hii ni 1.60 × 10⁻⁴, tofauti ndogo inayotokana na 1 atm kuwa 1.01325 bar.

Hatua ya 3: Amua utumie konstanti ipi

Hapa watu hupita haraka mno. Ukipewa chombo chenye ujazo usiobadilika, kwa mfano lita 5, tumia Kc, maana ukolezi ni moli kugawanya kwa namba moja inayojulikana. Ukipewa kanieneo la jumla linaloshikiliwa palepale, ujazo huujui na hauhitajiki, tumia Kp. Sisi tuna 100 atm, kwa hiyo tunaendelea na Kp.

Hatua ya 4: Jedwali la moli

Acha x iwe moli za naitrojeni zilizotumika mpaka msawazo ufikiwe. Kila naitrojeni moja inakwenda na haidrojeni 3 na kuleta amonia 2.

| Gesi | Mwanzo | Kwenye msawazo |
|---|---|---|
| N₂ | 1 | 1 − x |
| H₂ | 3 | 3 − 3x |
| NH₃ | 0 | 2x |
| Jumla | 4 | 4 − 2x |

Mstari wa mwisho ndio roho ya kazi yote. Kanieneo la kila gesi ni sehemu yake ya moli mara kanieneo la jumla, na sehemu ya moli inagawanywa kwa jumla ya wakati huo wa msawazo, yaani 4 − 2x, si 4 ya mwanzo:

p(NH₃) = 2x ÷ (4 − 2x) × P

p(N₂) = (1 − x) ÷ (4 − 2x) × P

p(H₂) = 3(1 − x) ÷ (4 − 2x) × P

Mtu akigawanya kwa 4, nini kinatokea? Nimeifanya hesabu hiyo makusudi. Unapata x = 0.351 na kila kitu kinaonekana nadhifu, mpaka ujumlishe kanieneo la gesi zote tatu: jumla inatoka 82.5 atm wakati swali lilisema 100. Kumbe umejibu swali jingine kabisa, la chombo kilichofungwa chenye ujazo usiobadilika, kilichoanza na 100 atm kwenye jotoridi hilohilo kisha kanieneo likashuka jinsi moli zilivyopungua. Kujumlisha kanieneo la gesi zote mwishoni kunachukua sekunde chache, na ndiko kunakofichua kosa hili.

Hatua ya 5: Weka kwenye Kp na urahisishe

Kp = p(NH₃)² ÷ [p(N₂) × p(H₂)³]

Juu kuna P², chini kuna P⁴, kwa hiyo inabaki P² chini. Hali kadhalika (4 − 2x)² inapanda juu:

Kp = (2x)² (4 − 2x)² ÷ [27 (1 − x)⁴ P²]

Ukiitazama kwa haraka inatisha, kwa kuwa x iko kwenye kipeo cha nne. Lakini kila kipande ni mraba isipokuwa 27, na 27 ni namba tu. Chukua kipeuo cha pili pande zote mbili:

2x (4 − 2x) ÷ (1 − x)² = √27 × P × √Kp

Upande wa kulia ni namba moja. Tuiite A:

A = 5.196 × 100 × 0.012806 = 6.654

Sasa ni mlinganyo wa kawaida wa kipeo cha pili. Fungua mabano na upange:

(A + 4)x² − 2(A + 4)x + A = 0

Kwa bahati njema huu unatatulika kwa mstari mmoja:

x = 1 − 2 ÷ √(A + 4)

x = 1 − 2 ÷ √10.654 = 1 − 0.6127 = 0.387

Mlinganyo wa kipeo cha pili una majibu mawili. Lile jingine ni 1 + 0.6127, yaani 1.61, na linamaanisha tumetumia naitrojeni nyingi kuliko tuliyokuwa nayo, kwa hiyo linatupwa. Njia hii ya mkato inafanya kazi tu pale naitrojeni na haidrojeni zilipoanza kwa uwiano wa 1 kwa 3; nje ya hapo mabano hayawi mraba.

Hatua ya 6: Andika mchanganyiko na uhakiki

Moli: naitrojeni 0.613, haidrojeni 1.838, amonia 0.775. Jumla 3.225.

Sehemu za moli: naitrojeni asilimia 19.0, haidrojeni 57.0, amonia 24.0.

Kanieneo: 19.0, 57.0 na 24.0 atm. Jumla 100. Vizuri.

Uhakiki wa pili ni kurudisha namba hizi kwenye Kp:

24.0² ÷ (19.0 × 57.0³) = 576 ÷ 3,519,000 = 1.64 × 10⁻⁴

Imerudi ilikotoka. Kama haikurudi, usianze kuhangaika na algebra yote upya. Angalia kwanza kipeo cha 3 kwenye haidrojeni, maana hicho ndicho husahaulika zaidi.

Kuna jambo moja la kutenganisha kwenye jibu hili. Asilimia 24.0 ni sehemu ya amonia kwenye mchanganyiko. Asilimia 38.7, yaani x, ni sehemu ya naitrojeni iliyobadilika. Ni majibu ya maswali mawili tofauti, na mtihani ukiuliza moja ukajibu jingine, alama zinapotea ingawa hesabu yote ni sahihi.

Kanieneo likibadilika

Kp haibadiliki ukibadilisha kanieneo. Inayobadilika ni A, kwa sababu P imo ndani yake. Kwa 10 atm, A ni 0.665, x ni 0.074, na amonia ni asilimia 3.8 tu. Kwa 300 atm, A ni 19.96, x ni 0.591, na amonia inafika asilimia 42.0. Hapo ndipo unaona kwa nini kiwanda cha kwanza cha amonia, kilichoanza kazi Oppau nchini Ujerumani mwaka 1913, kilijengwa kwa vyuma vya kuhimili mamia ya angahewa, na kwa nini viwanda vinavyotengeneza malighafi ya urea tunayomwaga mashambani bado vinatumia kanieneo kubwa mpaka leo.

Gesi isiyomenyuka ikiwepo

Kiwandani mchanganyiko hauwi safi. Agoni inaingia na hewa, methani inabaki kutoka kwenye gesi asilia, na kwa kuwa gesi huzungushwa tena na tena, vitu hivi hujikusanya. Tuongeze moli 0.4 za agoni kwenye mfano wetu, kanieneo likibaki 100 atm.

Agoni haimo kwenye Kp, lakini imo kwenye jumla. Jumla sasa ni 4.4 − 2x:

2x (4.4 − 2x) = 6.654 (1 − x)²

10.654x² − 22.109x + 6.654 = 0

x = 0.365

Amonia ni moli 0.731 kati ya 3.669, yaani asilimia 19.9. Kidogo hicho cha agoni kimetutoa kwenye 24.0. Sehemu ya upungufu huo ni amonia kuchanganywa tu na gesi nyingine, lakini x yenyewe imeshuka pia kutoka 0.387: msawazo umerudi nyuma kweli. Sababu ni kwamba agoni inabeba sehemu ya ile 100 atm, na gesi zinazomenyuka zinabaki kana kwamba ziko kwenye kanieneo dogo zaidi. Ndiyo maana viwandani hutoa nje kiasi fulani cha gesi inayozunguka ili agoni isijae. Kama ungeiongeza agoni kwenye chombo chenye ujazo usiobadilika, kanieneo la kila gesi nyingine lingebaki vilevile na msawazo usingetikisika. Vitabu vinaposema gesi isiyomenyuka haina athari, vinazungumzia hali hii ya pili.

Uwiano usipokuwa 1 kwa 3

Tuseme tunaanza na moli 2 za naitrojeni na 3 za haidrojeni, bado 100 atm. Sasa:

Kp = (2x)² (5 − 2x)² ÷ [(2 − x) × 27 (1 − x)³ P²]

Hakuna kipeuo kitakachotuokoa. Tunabahatisha kwa utaratibu. Sogeza P² upande wa pili, kisha tafuta x inayofanya upande wa kulia, ukiondoa P², uwe 1.64, maana 1.64 × 10⁻⁴ × 100² ni 1.64. Ukijaribu 0.40 unapata 1.21, chini mno. Ukijaribu 0.45 unapata 1.96, juu mno. 0.43 inatoa 1.615, na 0.432 inatoa 1.646. Jibu liko katikati ya hizo mbili za mwisho, karibu na 0.4316.

Mpaka wa x ni muhimu: haiwezi kuzidi kiambato kinachokwisha kwanza. Hapa haidrojeni ndiyo itakayokwisha, x ikiwa 1, ingawa naitrojeni ingeruhusu hadi 2. Ukibahatisha 1.3, mabano ya haidrojeni yanakuwa hasi na namba zinazotoka hazina maana.

Kama una kompyuta, kazi hiyo ya kugawanya nafasi nusu kwa nusu inafanywa na mistari hii ya Python:

```python
K, P = 1.64e-4, 100.0
N, H, A, Z = 2.0, 3.0, 0.0, 0.0  # N2, H2, NH3, agoni
chini, juu = -A/2, min(N, H/3)
for _ in range(60):
    x = (chini + juu) / 2
    n = N + H + A + Z - 2*x
    Q = (A+2*x)**2 * n**2 / ((N-x)*(H-3*x)**3 * P**2)
    if Q < K:
        chini = x
    else:
        juu = x
print(x, (A + 2*x)/n)
```

Matokeo yanapendeza kuyatazama. Haidrojeni iliyotumika imepanda kutoka asilimia 38.7 hadi 43.2, kwa sababu naitrojeni ya ziada imeisukuma. Lakini sehemu ya amonia kwenye mchanganyiko imeshuka kutoka 24.0 hadi 20.9, maana naitrojeni ileile ya ziada imebaki mle ndani. Ukitaka amonia iwe nyingi zaidi kwa asilimia, uwiano wa 1 kwa 3 ndio bora.

Hesabu hizi zinaaminika mpaka wapi

Kila hatua hapo juu imechukulia kwamba gesi zinafuata pV = nRT bila kukengeuka. Vipimo vya Larson na Dodge vya mwaka 1923, na vya Larson vya mwaka 1924, vinatuonyesha mpaka wenyewe, kwa 400 °C na uwiano wa 1 kwa 3:

| Kanieneo (atm) | Amonia kwa hesabu (%) | Amonia iliyopimwa (%) |
|---|---|---|
| 10 | 3.8 | 3.85 |
| 100 | 24.0 | 25.12 |
| 300 | 42.0 | 47.00 |

Kwa 10 atm hakuna tofauti ya kuzungumzia. Kwa 100 atm tumekosea kwa takriban pointi 1, ambayo kwa mtihani haina shida. Kwa 300 atm pengo ni pointi 5, na hilo kwa mhandisi ni kubwa. Ukichukua ile 47.00 na kurudi nyuma kutafuta Kp, unapata karibu 2.9 × 10⁻⁴ badala ya 1.64 × 10⁻⁴. Konstanti ya kweli haijabadilika, kwani jotoridi ni lilelile. Kilichotokea ni kwamba molekuli zimebanana kiasi cha kuvutana na kusukumana, na kanieneo la kila gesi halipimi tena kwa uaminifu jinsi gesi hiyo inavyotaka kumenyuka. Kwa kanieneo la namna hiyo, kila p kwenye Kp huzidishwa kwa namba ya marekebisho ya gesi husika kabla ya kutatua x. Namba hizo zenyewe hubadilika kwa kanieneo na jotoridi, kwa hiyo huchukuliwa kwenye majedwali au huhesabiwa kwa mlinganyo wa gesi halisi. Jedwali la moli, ile 4 − 2x na uhakiki wa mwisho vinabaki kama vilivyo.